Arifa za asilimia zinazolia bure: dalili, sababu, na namna ya kuweka kizingiti cha idadi

Mwenye mtaji ana vibanda 8 vya uwakala wa pesa za simu jijini Tanga, vikiwemo vya Ngamiani na Pongwe. Kila usiku idadi ya miamala ya kila kibanda inaingia kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali linailinganisha na siku kama hiyo ya wiki iliyopita. Ikipanda au kushuka kwa 30% au zaidi, simu ya msimamizi inapata ujumbe. Mwezi wa kwanza anasoma kila ujumbe. Mwezi wa pili anasoma nusu yake. Mwezi wa tatu simu ikilia anaigeuza kifudifudi mezani, na siku kibanda kinapoharibikiwa kweli, ujumbe wake unapita katikati ya mingine asiuone.

Mwongozo huu unafuata malalamiko yanayojirudia kwa watu wanaotumia arifa za namna hiyo. Mifano ni ya miamala ya wakala, lakini hesabu ni zilezile kwa oda za dukani, tiketi za basi, au wagonjwa wanaopita dirisha la dawa. Kwa kila dalili anza na sababu ya kwanza, maana ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote: dakika tano za ukaguzi

Hakikisha siku unayoilinganisha imekamilika. Arifa inayotoka saa nne asubuhi ikisema miamala imeshuka 70% huwa inalinganisha asubuhi ya leo na siku nzima ya wiki jana. Rekebisha saa ya kutuma na jambo limekwisha.

Angalia pia tofauti ya sifuri na nafasi tupu. Kibanda kilichofungwa kwa msiba kiachwe nafasi tupu, kisiandikiwe 0. Jedwali huiruka nafasi tupu linapotafuta wastani, ila 0 huihesabu kama siku ya kazi isiyopata mteja. Sifuri moja ya uongo itaushusha wastani wako kwa wiki nne zijazo.

Kama haya mawili yako sawa na kelele bado zipo, endelea.

Dalili ya 1: Kibanda kidogo kinalia karibu kila siku, ukipiga simu unaambiwa mambo ni ya kawaida

*Sababu ya kawaida kuliko zote: idadi ni ndogo mno kubebeshwa asilimia.*

Tuchukue kibanda kipya cha Pongwe ambacho hupata miamala 8 kwa siku, kwa wastani. Hizi ni Jumanne 10 mfululizo:

7, 9, 12, 5, 10, 11, 8, 3, 9, 6

Ukizijumlisha unapata 80, wastani 8 kamili. Hapa hakuna kilichopanda wala kilichoshuka. Ni kibanda kilekile, na watu wanapita wanapopita. Sasa tazama zinavyoonekana kwa macho ya arifa inayolinganisha kila Jumanne na iliyotangulia:

+29%, +33%, −58%, +100%, +10%, −27%, −63%, +200%, −33%

Milinganisho ni 9, na 6 imevuka 30%. Hakuna aliyekosea kuandika wala fomula iliyoharibika. Wateja wawili wakiamua kutoa pesa kesho badala ya leo, kwenye kibanda cha watu 8 tayari hiyo ni robo ya biashara. Kwenye kibanda cha Ngamiani chenye miamala 200, wateja haohao wawili ni 1%, hata hawaonekani.

Kuna kanuni nyepesi ya kukadiria mtikisiko huu wa kawaida. Watu wakija kila mmoja kwa shida zake, bila kupangana, idadi ya miamala ya siku hutikisika kwa kiasi cha kipeuo chake cha pili. Ukilinganisha siku mbili, zote mbili zinatikisika, kwa hiyo mtikisiko wa asilimia unakuwa kipeuo cha pili cha jibu la 2 gawanya kwa idadi. Miamala 8 inakupa mtikisiko wa 50%. Miamala 50 inakupa 20%. Miamala 200 inakupa 10%, na 800 inakupa 5%.

Soma tena ile ya kwanza. Pongwe hutikisika kwa 50% bila sababu yoyote, nawe umeweka kengele kwenye 30%. Kwa hesabu hiyo italia zaidi ya nusu ya siku zote, milele, hata biashara ikiwa imetulia kama maji ya mtungini.

Ukaguzi wa haraka: chukua wastani wa kibanda, gawanya 2 kwa wastani huo, tafuta kipeuo cha pili. Jibu likikaribia au kuzidi asilimia uliyoweka kwenye arifa, hapo ndipo penye ugonjwa. Tiba ni kizingiti cha idadi, kinachofuata chini.

*Sababu ya pili: unalinganisha na siku moja tu.*

Rudi kwenye Jumanne ya 8, ile ya miamala 3. Ilileta arifa ya −63%. Wiki iliyofuata miamala ikarudi 9, ikaleta arifa nyingine ya +200%. Siku moja mbaya imezaa kelele mbili, na ya pili ndiyo kubwa zaidi ingawa ndiyo siku mambo yaliporudi sawa. Asilimia zina tabia hiyo: kushuka kwa nusu ni −50%, kurudi palepale ni +100%. Ukiona arifa zako zinakuja jozi, ya kushuka halafu wiki moja baadaye ya kupanda, tatizo ni hili.

Tiba ni kulinganisha na wastani wa siku kama hiyo kwa wiki nne zilizopita. Kwa tarakimu zilezile za Pongwe, kuanzia Jumanne ya 5, milinganisho inakuwa +21%, +22%, −16%, −65%, +13%, −23%. Katika Jumanne hizo 6, njia ya zamani ililia mara 4. Hii imelia mara 1. Kelele ya kurudi imetoweka kabisa.

Ila ile iliyobaki nayo ni ya bure. Kwenye kibanda cha wastani wa 8, siku ya miamala 3 au pungufu hutokea takriban mara moja kila siku 24, bila kuwa na kasoro. Wastani wa wiki nne unasaidia, lakini haumalizi kazi.

Kuweka kizingiti cha idadi

Kizingiti ni sharti moja linalotangulia lile la asilimia: idadi isipofika kiwango fulani, asilimia haiangaliwi kabisa. Wengi huweka 10 au 20 kwa kukisia, kisha wanashangaa kelele zinaendelea. Hakuna haja ya kukisia, kwa sababu kizingiti hufuata asilimia uliyochagua.

Ukitumia wastani wa wiki nne, na ukitaka arifa ilie pale tu tofauti inapozidi mara 3 ya mtikisiko wa kawaida, kizingiti ni:

```
kizingiti = 9 * 1.25 / (asilimia * asilimia)
```

Asilimia iandikwe kama desimali, 30% iwe 0.3. Ile 9 ni 3 mara 3. Ile 1.25 ni mtikisiko wa leo, yaani 1, ukiongeza robo ya mtikisiko iliyobaki kwenye wastani wa wiki nne. Matokeo, yakipandishwa hadi namba kamili:

| Asilimia ya arifa | Kizingiti cha idadi |
|---|---|
| 50% | 45 |
| 40% | 71 |
| 30% | 125 |
| 20% | 282 |
| 10% | 1,125 |

Angalia namba zinavyoruka. Ukipunguza asilimia kwa nusu, kizingiti kinakua mara nne. Anayetaka kuambiwa kila badiliko la 10% lazima awe na miamala zaidi ya elfu moja katika kipimo hicho; chini ya hapo anaomba kelele.

Kwa nini mara 3 na si mara 2? Kwa vibanda 8 vinavyokaguliwa kila siku, mara 2 ingekuletea arifa za bure kama 11 kwa mwezi. Mara 3 inakuletea moja katika siku 46 hivi. Mwenye kibanda kimoja anaweza kuvumilia mara 2. Mwenye vingi hawezi.

Sasa jedwali lenyewe. Tuseme kila kibanda kina ukurasa wake, kila mstari ni siku, safu ya C ina idadi ya miamala, na leo ni mstari wa 30. Kwenye D30 weka wastani wa siku kama ya leo kwa wiki nne:

```
=AVERAGE(C2,C9,C16,C23)
```

Kwenye E30 weka hukumu:

```
=IF(C30="","HAKUNA TAARIFA",IF(AND(C30=0,D30>=6),"SIFURI",IF(MAX(C30,D30)<125,"KIMYA",IF(ABS(C30-D30)>=0.3*D30,"ARIFA","SAWA"))))
```

Kompyuta nyingine, kutegemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio, hutaka nukta-mkato badala ya mkato, na mara nyingi 0,3 badala ya 0.3. Jedwali likikataa fomula, jaribu hilo kwanza. Burura fomula zote mbili kwenda chini.

Mambo matatu ndani ya mstari huo yana sababu yake.

La kwanza ni `MAX(C30,D30)`. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wakiweka kizingiti kwenye idadi ya leo peke yake, kibanda kikubwa kikianguka kutoka 200 hadi 15, arifa inanyamaza, kwa kuwa 15 iko chini ya kizingiti. Siku uliyoihitaji zaidi ndiyo umeiziba mdomo. Wakiweka kwenye wastani wa zamani peke yake, kibanda kilichotoka 20 kikafika 180 nacho hakisikiki. Kwa kuchukua kubwa kati ya hizo mbili, pande zote zinalindwa.

La pili ni kwamba hakuna kugawanya. Badala ya kugawanya tofauti kwa wastani, tunalinganisha tofauti na 0.3 ya wastani. Jibu ni lilelile, ila wastani ukiwa 0 huoni `#DIV/0!` ikitapakaa ukurasa mzima.

La tatu ni sharti la sifuri, tutalifikia muda si mrefu.

Kabla ya kuwasha, pitisha fomula kwenye miezi miwili iliyopita na uhesabu. Andika arifa ngapi zingetoka na ngapi kati ya hizo unakumbuka kweli palikuwa na jambo: mtandao ulikatika, floti iliisha, mhudumu aliugua. Tukio unalolikumbuka vizuri likiwa limeandikwa KIMYA, usishushe kizingiti. Soma dalili ifuatayo kwanza.

Dalili ya 2: Baada ya kuweka kizingiti, vibanda vidogo vimenyamaza kabisa

*Sababu ya kwanza: kipimo cha siku ni kifupi mno kwao.*

Hii si hitilafu. Siku moja ya miamala 8 haina habari ya kutosha kuhusu mabadiliko ya 30%, na fomula haiwezi kuitunga. Kinachowezekana ni kusubiri habari ikusanyike. Kibanda cha Raskazone chenye miamala 20 kwa siku kina 140 kwa wiki, kwa hiyo kwa hesabu ya wiki kinavuka 125 na kinaweza kubeba 30%. Pongwe yenye 8 kwa siku ina 56 kwa wiki. Haifiki 125, lakini inavuka 45, hivyo ipewe arifa ya wiki kwa 50%. Unalipa kwa kuchelewa: jambo la Jumanne utalijua Jumapili. Ndiyo bei yake, na mara nyingi ni nafuu kuliko kupuuza kengele.

Kuunganisha vibanda viwili vidogo kuwa kundi moja pia kunafaa, mradi viko katika mazingira yanayofanana. Pongwe na Raskazone visiunganishwe kwa sababu tu vyote ni vidogo. Kimoja kinategemea watu wa barabara ya Muheza, kingine wakazi wa ufukweni, na kupanda kwa kimoja kutaficha kushuka kwa kingine.

*Sababu ya pili: hujaweka sharti la sifuri.*

Kuna jambo moja ambalo hata kibanda kidogo kinaweza kulisema kwa siku moja, nalo ni kutopata mteja hata mmoja. Kibanda cha wastani wa 3 kitapata sifuri kwa bahati tu mara moja katika siku 20, kwa hiyo sifuri yake haina uzito. Kibanda cha wastani wa 6 kitapata sifuri mara moja katika siku 400. Cha wastani wa 8, mara moja katika siku 3,000 hivi. Ndiyo maana fomula ina `D30>=6`: kuanzia hapo, sifuri si bahati tena. Simu imezimika, laini imefungiwa, au kibanda hakikufunguliwa na mtu hakusema.

Dalili ya 3: Arifa ya miamala iliyofeli inalia hata kwenye kibanda kikubwa

Dalili hii inawachanganya hata wazoefu, kwa sababu kizingiti kipo na kimevukwa.

*Sababu ya kawaida: kizingiti kimewekwa kwenye jumla, ilhali kinachobadilika ni sehemu ndogo ya jumla hiyo.*

Kibanda cha Ngamiani kina miamala 200. Jumanne iliyopita 2 ilifeli, leo 5 imefeli. Ujumbe unasema: "Miamala iliyofeli imepanda 150%." Miamala 200 imevuka kizingiti vizuri, lakini habari yote ya ujumbe huo inategemea 2 na 5. Hizo ndizo sampuli yako, na ni ndogo kuliko hata Pongwe.

Ukitaka kulinganisha idadi mbili ndogo moja kwa moja, ziweke kwenye A2 na B2, utumie kipimo hiki:

```
=ABS(A2-B2)>=3*SQRT(A2+B2)
```

Kwa 2 na 5, tofauti ni 3, na upande wa kulia ni karibu 7.9. Hakuna jambo. Ili ulinganisho na 2 uwe wa kushtua, waliofeli leo wangepaswa kufika 14. Kwa kulinganisha, miamala yenyewe ikishuka kutoka 200 hadi 140, tofauti ni 60 na upande wa kulia ni 55.3, hapo amka ukaangalie. Kipimo hiki kinafaa pale jumla za siku mbili zinapokaribiana. Kama kibanda kilikuwa na miamala 200 jana na 600 leo, waliofeli wataongezeka hata mtandao usipobadilika.

*Sababu ya pili: asilimia ya asilimia.* Kiwango cha kufeli kimetoka 1% kwenda 2.5%. Mwingine ataandika "imeongezeka 1.5", mwingine "imeongezeka 150%", na wote wako sahihi. Kwenye ujumbe wa arifa andika idadi zenyewe: "Waliofeli 5 kati ya 200, wiki jana 2 kati ya 200." Msomaji mwenye akili timamu ataona mwenyewe kwamba hakuna moto. Desturi hii ya kuandika idadi kamili inafaa kwenye arifa zote, hata hizo nyingine.

Dalili ya 4: Kizingiti kipo, idadi ni kubwa, na bado kelele zinarudi kwa mpangilio fulani

*Sababu ya kwanza: ni badiliko la kweli, ila ni la kalenda.*

Kizingiti kinaondoa mtikisiko wa bahati. Hakiondoi mwezi wala mshahara. Kibanda cha karibu na soko la samaki la Deep Sea ni mfano mzuri. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa hutegemea giza; mbalamwezi ikikolea, taa haivuti samaki na boti nyingi hupumzika. Pesa ya sokoni hupungua, na miamala ya kibanda hupungua nayo. Siku chache baadaye giza linarudi na kila kitu kinapanda. Ukilinganisha na wiki iliyopita utapata arifa ya kushuka na ya kupanda kila mwezi, zote za kweli na zote zisizo na kazi.

Kwa kibanda cha namna hii linganisha na siku 28 zilizopita badala ya siku 7. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo siku 28 inakuweka siku moja na nusu tu pembeni mwa hali ileile ya mwezi, na inabaki kuwa siku ileile ya wiki. Kumbuka kwamba sasa umerudi kulinganisha na siku moja, hivyo ile 1.25 kwenye kanuni ya kizingiti inakuwa 2, na kizingiti cha 30% kinapanda kutoka 125 hadi 200. Kibanda kikiwa na miamala 120, hakifiki. Tumia wiki nzima: wiki hii dhidi ya wiki nne nyuma.

Mambo mengine ya kalenda ni mwisho wa mwezi, siku za malipo kwenye mashamba ya mkonge, na mwezi wa Ramadhani ambapo wateja wa mchana huhamia jioni. Idi ni rahisi zaidi: zima arifa siku hizo, na siku hizo ziachwe tupu kwenye hesabu ya wastani.

*Sababu ya pili: wateja wako wanakuja kwa makundi.*

Kanuni ya kipeuo inadai kila mtu aje kwa shida zake. Kwenye stendi ya Kange si hivyo. Basi likishusha abiria, watano wanakuja kibandani pamoja. Mtikisiko wa kweli unakuwa mkubwa kuliko kipeuo. Upime kwa siku za aina moja, mfano Jumanne 8:

```
=VAR.S(C2,C9,C16,C23,C30,C37,C44,C51)/AVERAGE(C2,C9,C16,C23,C30,C37,C44,C51)
```

Jibu likiwa karibu na 1, kanuni inafaa kama ilivyo. Zile Jumanne 10 za Pongwe zinatoa 0.97. Jibu likiwa 4, zidisha kizingiti kwa 4: ile 125 inakuwa 500. Tahadhari moja, na ina kichekesho chake: siku 8 nazo ni sampuli ndogo, kwa hiyo jibu lenyewe linatikisika. Chochote chini ya 2 kiache, usibadilishe kitu. Ukipata 3 au zaidi, ongeza siku hadi 15 au 20 ndipo uamue.

*Sababu ya tatu, nadra:* mtu amebadilisha namna ya kuhesabu. Zamani kuweka na kutoa pesa vilihesabiwa, sasa na malipo ya luku yamo. Wastani wa wiki nne utajirekebisha wenyewe baada ya wiki nne. Kama huna subira, anza ukurasa mpya.

Acha fomula, mwite mwenye kazi yake

Neno SIFURI likitokea, au arifa ya kushuka ikiambatana na floti na pesa taslimu visivyolingana, usiguse jedwali. Fedha zihesabiwe mbele ya watu wawili siku hiyohiyo, PIN isitumike tena hadi ibadilishwe, na msimamizi wa mawakala wa kampuni ya simu apigiwe. Kujadili kizingiti wakati pesa haionekani ni kupoteza ushahidi.

Usimkate mhudumu mshahara wala kumwachisha kazi kwa sababu ya asilimia ya kibanda chenye idadi chini ya kizingiti. Ukirudi kwenye zile Jumanne 10, mhudumu wa Pongwe angefukuzwa Jumanne ya 8 na wa kuchukua nafasi yake angesifiwa Jumanne ya 9, na hakuna aliyefanya kitu tofauti.

Kama mfumo wako haukutumii ujumbe tu bali unachukua hatua wenyewe, mfano kufunga laini au kuhamisha floti, usiuwekee fomula za mwongozo huu bila fundi wa mfumo kuziangalia. Hapo kosa la kengele linakuwa hasara kwa mteja aliyesimama dirishani.

Tafuta mtaalamu wa takwimu pale kipimo cha makundi kinapobaki juu ya 5 hata kwa siku za aina moja, au pale unachofuatilia ni nadra kweli, mfano malalamiko ya wizi 2 au 3 kwa mwezi. Kwa matukio kama hayo asilimia haifai hata kidogo, na zipo njia za kupima siku zinazopita kati ya tukio na tukio.

Na kuna mahali kizingiti cha idadi hakiruhusiwi kuingia. Zahanati inayoripoti mgonjwa mmoja anayeshukiwa kuwa na kipindupindu haisubiri wafike 125. Huko tukio moja ni arifa kamili, na anayepigiwa ni mganga mkuu wa wilaya.